Kideri au mdondo? Uzoefu wangu na Analytics na Search Console

Naandika mambo ya kuku wa kienyeji kwenye tovuti yangu ndogo ya WordPress. Miezi saba nilijiona nasomwa na dunia nzima, kisa watu wa magrupu ya WhatsApp wananishukuru. Jumamosi moja nikaweka Google Analytics, inayohesabu wanaoingia kwenye tovuti, na Search Console, inayoonyesha tovuti inavyotokea watu wanapotafuta kwenye Google, zote bure.

Analytics haikunisumbua. Unapewa namba inayoanza na `G-`, unaibandika kwenye tovuti kwa plagini, basi. Nilifungua tovuti kwa simu, nikajiona mwenyewe kwenye Realtime nikiwa mgeni pekee.

Search Console ndiyo ilinitoa jasho. Nilichagua Domain, kwa kuwa inabeba anwani zote, yenye www na isiyo nayo. Sharti lake ni kuthibitisha kuwa tovuti ni yako kwa kuweka rekodi ya TXT, yaani mstari mfupi wa maandishi, kule uliponunulia jina la tovuti:

```
google-site-verification=msimbo-wako
```

Nikabofya Verify, ikakataa. Nikaenda kunywa chai, niliporudi ikakubali. Rekodi hizo huchelewa kusambaa. Na usije ukaifuta baadaye, maana Google hurudi kuikagua.

Wiki ikaisha. Analytics ilionyesha wageni 140, karibu wote chini ya Direct, yaani kapu la wageni ambao haijulikani wametokea wapi. Wangu najua: ni linki za WhatsApp. Search Console je? Sifuri. Mwanzo nilisema labda ni kuchelewa tu, kwa sababu takwimu zake huwa nyuma siku mbili tatu. Kisha nikabandika anwani ya ukurasa wangu wa chanjo ya kideri kwenye kisanduku cha juu. Jibu: `URL is not on Google`, na sababu ni `noindex`, yaani alama inayoiambia Google isiuweke ukurasa kwenye matokeo yake.

Kumbe aliyenijengea tovuti aliweka tiki kwenye Settings, Reading, pale palipoandikwa `Discourage search engines from indexing this site`, akasahau kuitoa alipomaliza kazi. Miezi saba nimefunga mlango mwenyewe, halafu nashangaa hakuna anayebisha hodi! Nikaitoa, nikatuma `wp-sitemap.xml`, yaani orodha ya kurasa zangu, nikabofya Request Indexing kwa ukurasa ule mmoja.

Baada ya wiki tatu hivi maneno yakaanza kuonekana kwenye ripoti ya Performance, na hapo ndipo nilipoipenda. Ukurasa wa kideri ulikuwa umeonyeshwa mara 90 kwa watu waliotafuta "dalili za mdondo", ukabofywa mara moja tu. Ni ugonjwa uleule, ila mimi mdondo nilikuwa nimeutaja mara moja, aya ya mwisho. Analytics isingeniambia hilo hata kidogo, kwa sababu yenyewe inamhesabu aliyeingia, si aliyepita nje.

Nimebadilisha kichwa kikawa "Kideri (mdondo): dalili na chanjo". Mibofyo imefika 11 mwezi huu. Sasa nahangaika na ukurasa wa vifaranga, ambao Google imeusoma lakini bado inaandika `Crawled - currently not indexed`.