TAHADHARI: Kufuli la kivinjari si uthibitisho wa kampuni

Kwa mlioko Moshi na Arusha mnaolipia safari za Kilimanjaro mtandaoni, au mnaowatafutia wageni: jihadharini na muuzaji anayetuma picha ya kufuli la kivinjari na kusema "kampuni yetu imethibitishwa", kisha anadai malipo ya awali. Picha hiyo haithibitishi kampuni yoyote.

Kufuli maana yake ni kwamba mnachoandikiana na tovuti hakisomwi njiani. Cheti kilicho nyuma yake mara nyingi ni cha kikoa pekee, yaani cha jina la tovuti. Hicho hutolewa na mashine, pengine kwa dakika chache tu, mwombaji akishaonyesha kwamba anwani iko mikononi mwake, kwa mfano kwa kuweka rekodi fulani kwenye DNS, mfumo unaoelekeza majina ya tovuti. Let's Encrypt, mmoja wa watoaji wa vyeti, hukitoa bure. Ofisi iko wapi, nani mwenyewe, hakuna anayeuliza. Kwa cheti cha taasisi, mtoaji hukagua usajili wa kampuni na anwani yake, na kuhakikisha kwamba ombi limetoka kwa kampuni yenyewe. Ndipo jina lake huandikwa ndani ya cheti.

Kulisoma ni rahisi. Kwenye Chrome ya kompyuta, bofya alama iliyo kushoto mwa anwani, kisha "Connection is secure", kisha "Certificate is valid". Tazama sehemu ya "Issued To". Kama ni cheti cha kikoa, mbele ya "Organization (O)" utakuta `<Not Part Of Certificate>`. Ukifungua "Details" na kubofya "Subject", tofauti huwa hivi:

```
Kikoa:    CN = safari.example
Taasisi:  CN = safari.example
          O = Jina la Kampuni Ltd
          L = Moshi
          ST = Kilimanjaro
          C = TZ
```

Hapa ndipo wengi wananaswa: chini yake kuna "Issued By", nayo ina "Organization" yake. Muuzaji mjanja hukata picha ya sehemu hiyo. Jina lililopo pale ni la aliyetoa cheti, kama Let's Encrypt, wala si la anayekuuzia. Kwa hiyo fungua cheti mwenyewe, usipokee picha.

Tuwe wa haki: kampuni nyingi halali za utalii zinatumia cheti cha kikoa, na hilo si kosa. Kosa ni kukiita uthibitisho wa kampuni. Na hata cheti cha taasisi kinathibitisha tu kwamba kampuni ipo, hakisemi kama itakupandisha mlima. Mwaka 2017 mtafiti mmoja wa Marekani alisajili kampuni yake Kentucky kwa jina Stripe, Inc, sawa na la kampuni maarufu ya malipo, akapewa cheti cha daraja la juu kuliko hata hicho cha taasisi.

Kwa hiyo ukilikuta jina kwenye "O", litafute BRELA herufi kwa herufi, omba leseni ya TALA yenye jina hilohilo, kisha linganisha na jina la akaunti ya benki uliyopewa. Akaunti ikiwa ya mtu binafsi, usilipe.