Meta Ads Manager: uzoefu wangu wa kupandisha bajeti bila bei ya meseji kupaa

Meta Ads Manager naitumia zaidi kwa kazi moja: matangazo ya Facebook na Instagram yanayompeleka mteja WhatsApp, kwa maduka ya hapa Tanzania. Kwa kazi hiyo naipa nyota nne. Nyota ya tano naizuia kwa sababu ya safu ya `Cost per result`, ile ya gharama ya kila meseji. Ukishaongeza bajeti, safu hiyo inakuonyesha wastani tu, na hasara hujificha ndani ya wastani.

Chukua mfano wa duka la vyombo vya jikoni Dar es Salaam. Bajeti ni shilingi 20,000 kwa siku na zinaingia meseji 40, yaani kila meseji inagharimu 500. Katika kila watu kumi wanaoandika, mmoja ananunua, na kila mauzo yanaacha faida ya 8,000 kabla ya kutoa gharama ya tangazo. Maana yake duka haliwezi kulipa zaidi ya 800 kwa meseji moja. Mwenye duka anaona kazi inaenda, usiku anaandika 40,000. Baada ya siku chache meseji ni 57 kwa siku, na skrini inasoma kama 702. Bado iko chini ya 800, kwa hiyo anaona mambo ni shwari.

Sasa zipigie hesabu zile 20,000 za nyongeza peke yake. Zimeleta meseji 17, kila moja kwa karibu 1,176. Mauzo yanayotokana na hizo 17 yanamtia hasara, ila zile 40 za mwanzo zinaifunika. Mwanzoni alikuwa akibaki na 12,000 kwa siku baada ya kulipa tangazo. Sasa anabaki na 5,600. Ametoa hela mara mbili ya mwanzo, faida imepungua zaidi ya nusu, na hakuna safu hata moja pale inayomwambia hivyo. Hesabu hii lazima uifanye mwenyewe kwenye daftari: gharama iliyoongezeka, gawanya kwa meseji zilizoongezeka.

Kwa nini meseji za nyongeza ni ghali? Kila nafasi ya tangazo inauzwa kwa mnada. Meta inachukua dau, inalizidisha kwa uwezekano wa mtu huyo kuchukua hatua unayoitaka, kisha inaongeza alama ya ubora wa tangazo. Usipoweka dau lako mwenyewe, mfumo ndio unaokuwekea, ukilenga kuimaliza bajeti yote siku hiyohiyo. Mfumo ukiwa na 20,000 unaweza kuchagua: unawachukua kwanza wale wanaoelekea kuandika kirahisi, na minada ya bei kubwa unaiacha ipite. Ukiupa 40,000 ghafla, mfumo unalazimika kuongeza dau na kuwafuata watu wenye uwezekano mdogo, kwa sababu agizo ulilolitoa ni hela iishe. Mfumo unafanya hivyo kwa uaminifu kabisa.

Wengi husingizia kipindi cha kujifunza, kile ambacho safu ya `Delivery` inaandika `Learning`. Ni kweli badiliko kubwa la bajeti linaweza kuirudisha seti ya matangazo kwenye kipindi hicho, na Meta yenyewe inasema kutoka humo kunahitaji takriban matokeo 50 ndani ya siku saba. Lakini seti inayopata meseji 40 kwa siku inafikisha 50 siku ya pili tu. Siku ya tano bei ikiwa bado iko juu, usiendelee kusubiri eti mfumo unajifunza. Hiyo ndiyo bei ya watu waliobaki. Kipindi cha kujifunza kinaumiza zaidi anayetafuta manunuzi ya tovuti, mawili au matatu kwa siku. Huyo akiongeza bajeti kwa pupa anaweza kukaa humo wiki nzima.

Ninavyopandisha ni asilimia 20, halafu nakaa siku tatu kamili bila kugusa kitu. Asilimia hiyo si kanuni iliyotolewa na Meta, ni desturi ya watu wa kazi hii, na uzuri wake ni kwamba hatua ni ndogo kiasi cha kukuonyesha ukomo kabla hujaupita. Kwenye duka letu hatua ya kwanza ni 24,000. Tuseme meseji zinafika 46: nyongeza ya 4,000 imeleta sita, kila moja kama 667. Endelea. Hatua ya pili ni 28,800, meseji 52. Hapo nyongeza ya 4,800 imeleta sita nyingine kwa 800 kila moja, na huo ndio ukomo wetu. Simama hapo, ingawa skrini inasoma 554 tu na mkono unawasha kuongeza.

Siku moja haitoshi kuhukumu. Meta inaruhusiwa kuzidisha bajeti ya siku hadi asilimia 75 baadhi ya siku, ilimradi wiki isivuke bajeti hiyo mara saba. Kwa hiyo kwenye 24,000 unaweza kuamka ukakuta imetumika 42,000, na si kosa.

Badilisha bajeti siku inapoanza. Ukiongeza jioni, saa zilizobaki ni chache na hela imekuwa nyingi ghafla. Angalia pia saa za akaunti yako, maana zipo akaunti nyingi za huku zilizofunguliwa kwa saa za Los Angeles. Huko saa sita usiku ni saa nne asubuhi kwetu, au saa tano wakati wao wamerudisha saa nyuma. Saa sita usiku ya Dar kwao siku bado inaendelea.

Bei ikipanda na ikakataa kushuka, fungua `CPM`, yaani bei ya tangazo kuonyeshwa mara elfu moja, na `Frequency`, yaani wastani wa mara ambazo mtu mmoja ameliona. `CPM` ikipaa huku watu wakibofya kwa kiwango kilekile, unalipia minada ya bei kubwa: rudi hatua moja. `Frequency` ikipanda na mibofyo ikishuka, watu ni walewale na wamelichoka tangazo. Hapo dawa ni picha au video mpya, au kupanua eneo hadi Morogoro na Dodoma kama mnatuma mizigo kwa basi. Meseji zikija kwa bei nzuri lakini mauzo hayasogei, tatizo huenda liko kwenye simu ya dukani: mtu mmoja aliyekuwa akijibu 40 sasa ana 52, na wa mwisho anajibiwa kesho yake. Ile hesabu ya mmoja kwa kumi ikigeuka kuwa mmoja kwa kumi na tatu, ukomo unashuka kutoka 800 hadi 615.

Kuna kipengele cha kuweka lengo la gharama kwa tokeo, na ninakipendekeza ukikielewa. Chenyewe kinalinda wastani. Ukikiandikia 800, kitaruhusu meseji za 1,100 ili mradi za rahisi zinasawazisha. Kwa duka hili ningeandika 550.

Kudabo usiku mmoja hakuna shida ikiwa unatoka 5,000 kwenda 10,000 na eneo ni Dar nzima. Kiasi hicho ni kidogo mno kwa mnada wa jiji lile, watu rahisi bado wapo wengi, na kupanda kwa asilimia 20 kutoka 5,000 ni kupoteza wiki bure.