Vitabu, mito na kiti cha mtumba: nilivyotuliza shingo, mabega na vifundo vya mikono

Kwa wenye haraka, hukumu yangu ni hii: kama laptopu inakuumiza mwili na una pesa ya kitu kimoja tu, nunua kibodi ya pembeni, ile inayochomekwa kwenye laptopu, kiti kisubiri. Vitabu unavyo, mto unao, taulo unalo. Lakini bila kibodi ya pembeni, hivyo vingine vyote vinaishia njiani.

Shida ya laptopu ni kwamba skrini na kibodi vimeunganishwa. Ukiiweka mezani kama ilivyo, macho yanashuka kuitafuta skrini, na kichwa kinayafuata macho. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Kikikaa sawasawa juu ya mabega, uti wa mgongo ndio unaokibeba. Kikiinama mbele, misuli ya nyuma ya shingo inalazimika kukishikilia kutwa nzima. Sasa ukiipandisha laptopu juu ya vitabu, shingo inapumua, lakini kibodi nayo imepanda, kwa hiyo unaandika mabega yakiwa juu na vifundo vya mikono vimepinda. Ule ushauri unaotolewa kila mahali wa "weka vitabu chini ya laptopu" unaponya kiungo kimoja kwa kuumiza kingine.

Mimi maumivu yangu yalikuwa matatu, na kila moja lilikuwa na chanzo chake. Shingo iliuma nyuma, pale inapokutana na mgongo, kwa sababu skrini ilikuwa chini. Bega la kulia liliwaka kuanzia mchana, kwa sababu meza ilikuwa juu kuliko viwiko vyangu na kipanya kilikaa mbali. Vifundo vya mikono viliuma kwa chini, pale ngozi inapogusa ukingo wa laptopu. Nilijua hali ilivyo mbaya siku mwanangu aliponipiga picha kutoka ubavuni bila kuniambia, kisha akanionyesha: "Mama, mbona umekaa kama unachungulia kisima?" Picha ya namna hiyo ndiyo kipimo bora kuliko vyote. Iombe upigwe ukiwa umeshasahau, maana ukijua unapigwa utajinyoosha.

Nilianza na futi ya fundi, na nikaanza na kiwiko. Watu wengi wanaanza na skrini, lakini skrini ni ya mwisho, na utaona kwa nini. Kaa kama unavyokaa siku zote, acha mikono ining'inie, kunja viwiko vipate pembe mraba au vifunguke kidogo zaidi ya hapo, halafu mtu apime kutoka sakafuni hadi chini ya kiwiko. Changu kilikuwa sentimita 67. Meza yangu ina kimo cha 74, ongeza 2 za unene wa kibodi, vidole vinaandikia kwenye 76. Tofauti ni sentimita 9, na hizo 9 nilikuwa nazilipa kwa mabega.

Meza siwezi kuikata miguu, basi mimi ndiye niliyepaswa kupanda. Hapa ndipo mto unapoingia, na si kila mto unafaa. Mto wa kochi wenye pamba laini unaonekana mnene ukiutazama, lakini ukiukalia unazama karibu wote, tena unazama zaidi upande wa nyuma, nyonga zinarudi chini na mgongo unajikunja. Kinachofaa ni sponji ngumu, ile ya godoro gumu, iliyokatwa kwa ukubwa wa kiti. Pima kimo chake ukiwa umeikalia. Vipande viwili vilivyofungwa pamoja ndani ya foronya ndivyo vilivyonipa zile sentimita 9.

Ukipanda hivyo, miguu inaachwa hewani. Kiti changu cha kwanza kilikuwa na kimo cha 45, sasa makalio yako kwenye 54, ilhali kutoka unyayo hadi nyuma ya goti nina 42. Kwa hiyo miguu ilihitaji kitu cha sentimita 12. Usipokiweka, ukingo wa kiti unabana mapaja kwa chini, miguu inakufa ganzi, na bila kufikiri utaanza kuteleza mbele ili vidole viguse sakafu. Ukishateleza, mgongo umeachana na kiti na shingo imerudi kulekule. Nilifunga vitabu vizito vya zamani kwa gundi ya karatasi ili visitawanyike, juu nikaweka kipande cha zulia. Boksi gumu lililojazwa magazeti nalo linafaa. Kiwe kipana, miguu iweze kuhamahama.

Sasa ndiyo zamu ya skrini, kwa sababu macho yamepanda pamoja na makalio. Kama ningepanga vitabu vya skrini kabla ya mto, ningelazimika kuvipanga upya. Macho yangu yalikuwa sentimita 124 kutoka sakafuni, na ukingo wa juu wa skrini ulikuwa kwenye 96. Niliinua laptopu kwa sentimita 22, ikabaki chini ya macho kwa sentimita 6 hivi. Kanuni ni kwamba ukingo wa juu uwe sawa na macho au chini kidogo, usiwe juu yake hata siku moja, maana kuinua kidevu kunaumiza shingo vilevile. Wanaovaa miwani ya kuonea mbali na karibu kwa pamoja washushe skrini zaidi, kwa sababu wanasomea sehemu ya chini ya kioo na wasiposhusha watainua kidevu bila kujua.

Kuhusu vitabu vyenyewe: chini weka kikubwa chenye jalada gumu, na cha juu kiwe kidogo kuliko laptopu ili kisizibe matundu ya hewa. Ukisikia feni inapiga kelele kuliko kawaida, ujue kuna tundu limefunikwa. Na mto usiuweke kamwe chini ya laptopu, joto halina pa kutokea. Umbali uwe kama urefu wa mkono ulionyooshwa. Kama kwa umbali huo maandishi hayasomeki vizuri, yakuze, kwenye kivinjari kwa mfano ni Ctrl na +, maana ukiyaacha madogo utayafuata kwa kichwa na vitabu vyote vitakuwa vya bure.

Kibodi na kipanya ndivyo nilivyonunua, vyote vya waya na vya bei ya chini kabisa. Kibodi iko ukingoni mwa meza mbele yangu, laptopu imesogezwa nyuma juu ya vitabu vyake. Nyuma ya kibodi nyingi kuna vijiguu viwili vya kuinua upande wa mbali. Nilivikunja, na naona kila mwenye vifundo vinavyouma avikunje, kwa kuwa vinalazimisha kiganja kijikunje kwenda juu. Kuna jaribio dogo la rula: ilaze juu ya mkono ikianzia mgongo wa kiganja hadi kwenye kigasha, kisha weka vidole kwenye herufi. Rula ikilala, kifundo kimenyooka. Ikiinuka upande mmoja au ikiacha mwanya katikati, kifundo kimepinda, mara nyingi ama kibodi iko juu mno ama umekaa chini mno.

Nilinunua pia kile kimto chembamba cha kuegemeza vifundo mbele ya kibodi, na hicho nakipa alama za chini. Watu wanakiegemea huku wanaandika, na mgandamizo unaangukia palepale mishipa inapopita kwenda kwenye vidole. Wakati wa kuandika, mikono ielee. Ukipumzika, egemeza kiganja, si kifundo. Kwangu taulo dogo lililokunjwa linatosha kwa hilo.

Lalamiko langu kubwa ni juu ya kibodi yenyewe. Ina safu ya tarakimu upande wa kulia, ambayo siitumii, na inakisukuma kipanya mbali mpaka mkono unafunguka kwa nje. Bega la kulia ndilo lililokuwa la mwisho kutulia, na lilitulia nilipoisogeza kibodi kushoto hadi herufi B ikawa mbele ya kitovu changu na kipanya kikakaribia. Kama bado hujanunua, chagua fupi isiyo na safu hiyo.

Kiti nilikipata baadaye, cha mtumba, kimeshatumika ofisini. Nilikagua mambo matatu tu kabla ya kulipa. La kwanza, kikipandishwa kibaki juu: nilikipandisha, nikakalia muda nikizungumza na muuzaji, kuona kama kinashuka chenyewe taratibu. Kikishuka, bomba lake la ndani limechoka. La pili, kina cha kiti: nikikaa mpaka mgongo uguse nyuma, kati ya ukingo na nyuma ya goti vipite vidole viwili au vitatu. La tatu, mikono ya kiti iingie chini ya meza au iweze kushushwa, vinginevyo inakuzuia kusogea mbele, na ikiwa juu mno inayasukuma mabega kwenye masikio. Kitambaa kilichochakaa hakikunisumbua.

Kiti hicho kiliistaafisha sponji, lakini vitabu vya miguuni vimebaki palepale, kwa kuwa meza ni ileile na mimi ni yuleyule. Egemeo lake lilikuwa limenyooka mno, kwa hiyo nimeviringisha taulo na kulifunga kwa kamba usawa wa mkanda wa suruali. Likiwa juu zaidi ya hapo linakusukuma mabega mbele.

Matokeo: vifundo vilitulia mapema, shingo ikafuata, bega kama nilivyosema lilichelewa. Hata hivyo nikikaa saa mbili bila kuinuka, uchovu unarudi licha ya mpangilio huu wote, kwa hiyo kila nusu saa nasimama, hata kama ni kwenda kuchukua maji. Na kuna dalili ambazo vitabu havizihusu: ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayokuamsha usiku, vitu kukuponyoka mkononi, au maumivu yanayoshuka kutoka shingoni hadi kwenye mkono. Rafiki yangu mmoja alikuwa na hiyo ganzi ya usiku na akaendelea kuongeza mito; nilimwambia aende kwa daktari kwanza, mito itamsubiri.