Filamu ya kukatia tiketi na filamu ya kungojea nyumbani

Mtazamaji wa Kampala anayejiuliza kama aende kwenye jumba la sinema au asubiri, asiangalie umaarufu wa waigizaji, bali ajiulize ni kiasi gani cha filamu kitapotea kwenye runinga yake. Kinachopotea kwanza ni sauti. Spika nyembamba za runinga hazitoi mngurumo mzito, na kimya cha sebuleni huingiliwa na bodaboda zinazopita nje.

Chukua Oppenheimer ya mwaka 2023, yenye urefu wa saa tatu. Sehemu kubwa yake ni watu wanaozungumza vyumbani, jambo ambalo lingeonyesha kwamba inaweza kusubiri. Lakini katika jaribio la bomu, mwanga hutangulia katika ukimya mrefu, kisha kishindo hufuata, kwa kuwa sauti husafiri polepole kuliko mwanga. Nyumbani, aliyepandisha sauti ili asikie mazungumzo atakimbilia rimoti, na tukio litakuwa limeharibika. Hiyo ningeikatia tiketi.

Picha nayo ina hesabu yake: filamu pana ya uwiano wa 2.39 kwa 1 huacha takribani robo ya kioo cha kawaida cha runinga ikiwa nyeusi, juu na chini.

Vichekesho na hadithi za familia, kwa maoni yangu, hazipotezi kitu nyumbani. Tena ukipata nakala iliyosimuliwa kwa Kiluganda na vijei hodari, wale wasimulizi wanaotafsiri filamu huku wakiongeza utani wao, huenda ukacheka zaidi.