Kiwango cha chini au laki moja isiyobadilika?

Tuseme muuza vinyago wa Mji Mkongwe anadaiwa shilingi 2,000,000 kwenye kadi ya mkopo. Riba ni asilimia 3 kwa mwezi, kiwango cha chini cha kulipa kila mwezi ni asilimia 5 ya deni. Mwezi wa kwanza analipa 100,000, lakini 60,000 yote ni riba. Deni linashuka 40,000 tu. Kinachoniuma ni kinachofuata: deni likipungua, kiwango cha chini nacho kinapungua, naye analipa pungufu ya mwezi uliopita. Baada ya miezi 31, akiwa hajanunua kitu kingine kwa kadi, bado anadaiwa zaidi ya milioni moja.

Angeshikilia ile ile 100,000 kila mwezi, deni lingeisha miezi hiyo hiyo 31.

Kwa gharama, laki moja inashinda mbali. Kwa wepesi, kiwango cha chini: masika wageni wakiadimika, kinamwepusha na faini ya kuchelewa. Mwenye mshahara wa kila mwezi ashike laki. Anayetegemea msimu alipe kiwango cha chini masika, kisha Julai na Agosti, wageni wakijaa, aongeze. Kila shilingi ya ziada inakata deni lenyewe.