Chupa tano za baa ya nyumbani: nne safi, ya tano imenikera

Nianze na vermuti, ndiyo hiyo chupa ya tano, maana hasira yangu yote imo humo.

Seti niliyouziwa miezi kadhaa iliyopita ni jini, ramu nyeupe, wiski ya bourbon, Campari ile pombe nyekundu chungu, na vermuti nyekundu. Aliyezipanga anajua kazi, hilo sibishi. Jini, Campari na vermuti, mililita 30 kila moja, zikikorogwa na barafu kama nusu dakika, ni Negroni. Toa jini, weka bourbon, ni kinywaji kingine kabisa. Acha pombe kali, ongeza soda, ni Amerikano. Ila hesabu yote hiyo inasimama juu ya vermuti, na ya kwangu ilikuwa imekufa.

Ilitoka rafu ya dirishani, juani, na pete ya kifuniko imeshakatika. Nilipoirudisha, muuzaji hata hakuinua macho kwenye simu: "Bosi, pombe haiozi."

Haiozi ipi? Jini, ramu na wiski zina asilimia 40 hivi, hata ukizifungua zinakaa kabatini miaka. Campari nayo ina sukari na kilevi cha kutosha kujilinda. Lakini vermuti ni mvinyo ulioongezwa pombe kidogo na mitishamba, asilimia 16 au 18 tu. Hewa ikishaingia, inaanza kuharibika. Ikifunguliwa huwekwa kwenye friji, na hata humo mwezi mmoja ndio ubora wake. Miezi miwili unavumilia.

Kuitambua ni rahisi: mimina kidogo bila barafu, nusa. Nzima inanukia ganda la chungwa na viungo. Iliyochoka inanuka siki, au tofaa lililopondeka. Ndani ya Negroni utamu unapotea, unabaki uchungu mtupu wa Campari, na watu wanailaumu Campari bure. Kuongeza jini hakusaidii. Unalewa haraka tu.

Ningewapa nyota moja. Lakini ramu ile! Mililita 60, maji ya ndimu 25, shira 20 (sukari na maji sawa kwa sawa), tikisa na barafu nyingi sekunde 12, chuja: dakiri isiyo na kasoro. Weka bourbon na limau kwa vipimo hivyohivyo, unapata Whiskey Sour. Jini, limau na shira, jaza soda, ni Tom Collins. Ndimu ikamuliwe siku hiyohiyo, ya chupa inaua kila kitu.

Basi nyota tatu. Hapana, mbili: kuuza chupa iliyofunguliwa kisha kumpuuza mteja hakufunikwi na dakiri. Ukienda, chukua zile nne, na vermuti kanunue kwingine, chupa ndogo, utaimaliza kabla haijachoka. Mimi ile yao nimeipikia nyama, na hata mchuzi ulikuwa na ladha ya siki.