Kulala mchana: dakika 20 au saa nzima?

Ukilala dakika 15 hadi 20, unaamka ukiwa bado kwenye usingizi mwepesi. Unanawa uso na kuendelea na kazi. Ukilala saa nzima, mara nyingi kengele inakukuta kwenye usingizi mzito: kichwa kizito, macho hayataki kufunguka, na huenda nusu saa ikapita kabla akili haijakaa sawa. Usingizi mrefu ningemwachia anayejiandaa kwa zamu ya usiku.

Saa ya kulala nayo ina uzito wake. Tangu uamke asubuhi, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya kwenye ubongo, na ndiyo inayokuvuta kitandani usiku. Aliyelala saa 11 hadi saa 12 na nusu jioni ameshaipunguza. Ikifika saa 4 usiku anajigeuzageuza tu, macho makavu. Mimi baada ya saa 9 alasiri silali.